Saa moja ya randa hula shilingi ngapi?

Keko, Dar es Salaam, panajulikana kwa vitanda, makabati na makochi. Ukipeleka mbao zako huko zirandwe, bei utatajiwa papo hapo, kwa ubao. Muulize mwenye karakana bei hiyo ameipataje, na mara nyingi jibu litakuwa kwamba jirani naye anatoza hivyohivyo. Jirani kaitoa kwa jirani mwingine. Inawezekana kabisa mtaa mzima unatoza bei ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kuipigia hesabu, na fedha inaingia kila siku, mpaka asubuhi ile mashine inapogoma na mwenyewe anagundua kuwa hana akiba ya kununua nyingine.

Hesabu yenyewe wahasibu wa viwandani wanaifahamu vizuri. Ni gharama ya mashine kwa saa: kila saa moja ambayo mashine inafanya kazi inatafuna kiasi gani. Hapa nitaifanya kwa mashine moja tu, ile ya randa inayosawazisha unene wa ubao, na kwa gharama nne tu: uchakavu, umeme, matengenezo na bima. Bei nitakazotumia ni za mfano, na kila mwenye karakana ataweka zake. Utaratibu ndio usiobadilika.

Kabla ya kugusa kalamu, jambo moja lieleweke, kwa kuwa makosa karibu yote yanaanzia hapo. Gharama hizi nne hazina tabia moja. Bima inafuata kalenda: ukiwasha mashine usiwashe, mwaka ukiisha kampuni inadai fedha yake. Uchakavu nao, kwa njia ya kawaida ya kuukokotoa, unafuata kalenda. Umeme unafuata mzunguko wa mota, na mashine ikizimwa nao unakoma. Matengenezo yamekaa katikati, kwa sababu visu vinalika kwa kufanya kazi, lakini mkanda wa mpira unakauka na kupasuka hata kama mashine imesimama tu. Zile zinazofuata kalenda hatuwezi kuzijua kwa saa mpaka tuzigawe kwa idadi ya saa za mwaka. Basi swali la kwanza si mashine ilinunuliwa kwa bei gani. Swali la kwanza ni inafanya kazi saa ngapi kwa mwaka.

Tumchukue seremala ambaye karakana yake hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na saa moja ya mchana ni ya chakula. Hizo ni saa nane za kazi. Jumapili hafungui, na ukitoa sikukuu na siku chache za misiba na safari, anabaki na siku 285 kwa mwaka. Ukizidisha kwa nane unapata saa 2,280. Wengi wangeishia hapa na kuichukua namba hiyo. Lakini hizo ni saa ambazo mlango uko wazi, na mlango kuwa wazi hakumaanishi kwamba randa inaranda.

Njia ya kuujua ukweli ni daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa mashine, na kalamu yake. Anayewasha anaandika saa aliyoanza, anayezima anaandika saa aliyomaliza na sababu ya kuzima. Wiki nne au sita zinatosha kuonyesha sura, mradi zisiwe za msimu mmoja tu wa neema au wa njaa. Katika mfano wetu daftari linaonyesha kwamba kwa wastani mashine inashikwa na kazi saa tano kwa siku. Muda uliobaki hakuna mbao za kuranda, au mafundi wote wako kwenye kuunganisha na kupaka vanishi. Saa tano kwa siku 285 ni saa 1,425.

Hata hizo nazo si zote za kuranda. Kuna kubadilisha visu na kuviweka sawasawa kwenye ekseli yake, kazi isiyotaka haraka, maana kisu kimoja kikitokeza kuliko wenzake ubao unatoka na mistari. Kuna kupanga meza kwa unene mwingine, kupaka grisi, kuondoa maranda yaliyoziba, na kungoja umeme urudi. Tuseme daftari linaonyesha vitu hivi vinakula saa 225 kwa mwaka. Zinabaki saa 1,200. Hizi ndizo saa ambazo kuna ubao wa mteja unaopita kwenye visu, na ndizo zinazoweza kulipiwa. Saa za kuweka visu hazipotei kwenye hesabu. Gharama yake inabebwa na saa 1,200 zinazozaa, kwa kuwa hakuna mteja atakayekubali kuandikiwa risiti ya kunolewa kwa visu.

Sasa tugeukie fedha. Mashine ilinunuliwa kwa Sh 13,200,000. Lakini hiyo siyo gharama yake kamili. Kuna gari la kuileta, zege la kuifunga ili isitetemeke, fundi wa kuvuta umeme wa fezi tatu, na stata ya mota. Tuseme vyote hivyo ni Sh 1,400,000. Gharama ya mashine ikiwa imesimama mahali pake, tayari kwa kazi, ni Sh 14,600,000. Matumizi haya ya kuifikisha na kuifunga husahaulika sana, labda kwa sababu hulipwa kidogokidogo, kwa watu tofauti, wengine bila risiti.

Seremala wetu anategemea kuitumia miaka minane, kisha aiuze kwa mtu mwingine au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa Sh 1,400,000. Kwa hiyo thamani itakayoyeyuka mikononi mwake ni Sh 13,200,000. Ukigawa kwa miaka minane, kila mwaka unayeyusha Sh 1,650,000, na ukigawa kwa saa 1,200 unapata Sh 1,375 kwa kila saa. Huo ndio uchakavu.

Hapa msomaji anayelipa kodi kwa mahesabu anaweza kushtuka, kwa sababu TRA hawakokotoi hivi. Kwa mashine za uzalishaji, sheria ya kodi ya mapato inatumia asilimia 25 ya thamani iliyobaki, ikipungua mwaka hadi mwaka. Njia hiyo ina kazi yake, na kazi hiyo ni kodi. Ukiichukua kwenye bei, mwaka wa kwanza asilimia 25 ya Sh 14,600,000 ni Sh 3,650,000, yaani zaidi ya Sh 3,000 kwa saa, na kufikia mwaka wa tano uchakavu umeshuka chini ya Sh 1,000. Ubao uleule, mashine ileile, fundi yuleyule, halafu gharama imeanguka mara tatu bila kitu chochote kubadilika pale karakanani. Kwa kupanga bei, mgawanyo ulio sawa kila mwaka unasema kweli zaidi. Mahesabu ya kodi yakae kwenye faili lake.

Kuna jambo lingine kuhusu uchakavu ambalo mimi nalipa uzito kuliko vitabu vingi vinavyolipa. Hesabu tuliyofanya inamrudishia seremala fedha aliyotoa siku ile aliponunua. Mashine hizi zinaagizwa nje, na shilingi ya leo haina nguvu ya shilingi ya miaka mitano iliyopita. Ikiwa mashine ya aina ileile sasa inauzwa Sh 18,000,000, na gharama za kuifunga na bei ya kuiuza mwishoni hazijabadilika, kiasi cha kurudisha kinakuwa Sh 18,000,000, kwa mwaka Sh 2,250,000, na kwa saa Sh 1,875. Tofauti ni Sh 500 kwa kila saa. Vitabu vya hesabu vibaki na bei ya manunuzi, kwani ndivyo uhasibu unavyotaka. Ila anayepanga bei ya kumtoza mteja ni heri ajue namba zote mbili, maana ya pili ndiyo itakayomkabili atakapokwenda dukani. Kwa mfano wetu tutaendelea na ile ya Sh 1,375, ili kila kitu kifuatike hadi mwisho.

Bima haina mengi, ila ina mtego mmoja. Kwa kawaida karakana hukatiwa bima yote kwa pamoja, dhidi ya moto na wizi, na ada inayolipwa ni moja. Tuseme ada ya mwaka pamoja na kodi ni Sh 660,000 kwa mali yenye thamani ya Sh 36,500,000. Randa yetu ni Sh 14,600,000 kati ya hizo, sawa na asilimia 40. Basi inabeba asilimia 40 ya ada, Sh 264,000, na kwa saa ni Sh 220. Mtego uko kwenye thamani iliyoandikwa. Mtu akitaka kupunguza ada akaandikisha mali yake kwa nusu ya thamani, mikataba mingi ya bima ina kifungu kinachomlipa nusu tu ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo. Akiunguliwa na mota ya Sh 1,000,000, atalipwa kama Sh 500,000. Unafuu alioupata kwenye ile Sh 220 ataulipia hapo.

Na asiyekata bima kabisa? Wapo wengi, na huandika sifuri. Karakana ya mbao imejaa maranda makavu, vumbi, vanishi na tina, na juu yake kuna nyaya zinazobeba mota kubwa. Hatari ya moto ipo pale iwe imeandikiwa mkataba au haikuandikiwa. Aliyeamua kuibeba mwenyewe angeweka Sh 220 ileile kwenye hesabu na kuitenga kando, kwa sababu ni gharama halisi ambayo bado haijatokea tu.

Matengenezo ndiyo yanayodanganya kuliko yote, na sababu ni kwamba hayaji kwa mpangilio. Miezi mitano hununui kitu zaidi ya grisi, wa sita mota inaungua. Ukichukua matumizi ya mwaka mmoja pekee utakuta ama mwaka wa raha ama mwaka wa balaa, na wote wawili utakupa namba isiyofaa. Inabidi utazame maisha yote ya mashine.

Tuanze na visu. Vinanolewa kila baada ya wiki tatu hivi, mara 17 kwa mwaka, na kila mara ni Sh 15,000, jumla Sh 255,000. Seti mpya ya visu inahitajika mara moja kwa mwaka, Sh 180,000. Mikanda, beringi na grisi, Sh 225,000. Kisha yapo matengenezo makubwa yanayokuja mara moja katika miaka minane: mota iliyoungua inapelekwa kuwaindiwa upya, na rola zinazovuta ubao, ambazo meno yake yanalika taratibu, zinabadilishwa. Tuseme hayo yote ni Sh 960,000, ambayo kwa miaka minane ni Sh 120,000 kwa mwaka. Ukijumlisha unapata Sh 780,000, na ukigawa kwa saa 1,200 unapata Sh 650 kwa saa.

Dalili ya kwamba mtu amekadiria matengenezo chini ya kiasi huonekana kwenye ubao kabla ya kuonekana kwenye daftari. Visu butu haviachi kukata. Vinachana nyuzi za mti, ubao unatoka na manyoya, mota inanguruma kwa sauti nzito zaidi, na ubao uleule unaomba kupitishwa mara tatu badala ya mbili. Aliyeokoa Sh 15,000 za kunoa anazilipa kwenye umeme na kwenye saa, na hajui kwamba amelipa.

Tumefika kwenye umeme, na huu haugawanywi kwa 1,200 wala kwa namba yoyote. Unapimwa. Kibao kilichogongwa kwenye mota kinasema kilowati 5.5, au nguvu farasi 7.5. Wapo wanaochukua 5.5 hiyo, wakazidisha kwa bei ya uniti, wakamaliza. Namba hiyo ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa ikibebeshwa mzigo wake kamili mfululizo. Randa haifanyi kazi hivyo. Ubao ukiingia mota inavuta, ubao ukitoka inapumzika sekunde kadhaa ikizunguka bure, kisha mwingine unaingia. Kwa upande wa pili, mota yenyewe inapoteza sehemu ya umeme kama joto, kwa hiyo inavuta kwenye waya zaidi ya kile inachokitoa kwenye ekseli. Mambo haya mawili yanavutana, na kibao hakiwezi kukuambia yameishia wapi.

Mita ya LUKU inaweza. Chagua asubuhi ya kazi ya kawaida, zima kila kitu kingine, hadi taa na redio. Andika uniti zilizobaki kwenye mita, kwa desimali zake. Randa kwa saa moja kamili kama unavyoranda siku zote, usikimbize wala usipunguze. Soma tena. Tuseme zimepungua uniti 4.5. Rudia siku nyingine kwa mbao za aina nyingine, kwa sababu mninga mkavu na mbao za msonobari havivuti umeme sawa, halafu chukua wastani unaofanana na kazi zako. Ukiwa na muda, pima pia nusu saa ya mashine kuzunguka bila ubao. Utashangaa kuona kwamba mashine iliyoachwa inaunguruma huku watu wanazungumza bei inakula sehemu ya kueleweka ya kile inachokula ikifanya kazi.

Kwa bei ya TANESCO kwa watumiaji wa kawaida wa daraja la T1, Sh 292 kwa uniti, ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo za EWURA na REA ambazo kwa pamoja ni asilimia 4, uniti moja inafika kama Sh 356. Uniti 4.5 ni Sh 1,602. Bei ya umeme ikibadilishwa, namba hii peke yake ndiyo inayoguswa, nyingine tatu zinabaki kama zilivyo.

Sasa tujumlishe. Uchakavu Sh 1,375, umeme Sh 1,602, matengenezo Sh 650, bima Sh 220. Jumla ni Sh 3,847 kwa saa. Hiyo ni mashine peke yake. Ndani yake hamna ujira wa anayesukuma ubao wala wa anayeupokea upande wa pili, hamna kodi ya pango, hamna riba ya mkopo kama mashine ilikopewa, na hamna hata senti ya faida.

Turudi sasa kwa yule aliyechukua saa 2,280 kwa sababu ndizo saa ambazo mlango uko wazi. Yeye angegawa uchakavu, bima na matengenezo kwa namba hiyo kubwa, akapata kama Sh 1,182 kwa zote tatu. Akiongeza umeme, saa yake ni Sh 2,784. Inaonekana mashine nafuu, na huenda akajisifu kwamba anamshinda jirani kwa bei. Lakini mwaka ukiisha atakuwa amekusanya Sh 1,182 hizo kwa saa 1,200 tu, maana ndizo zilizokuwa na ubao. Gharama zake tatu zilikuwa Sh 2,694,000, na alichorudisha ni karibu Sh 1,418,000. Pengo ni kama Sh 1,276,000, zaidi ya robo tatu ya uchakavu wa mwaka mzima. Hakuibiwa, na hakufanya kazi mbaya. Na kwa kuwa uchakavu hauna bili inayokuja mlangoni, pengo hilo halitamuuma mwaka huu wala ujao. Litamsubiri mwaka wa nane.

Gharama ya saa ikishajulikana, kazi ya mteja inahesabika kwa dakika chache. Mteja kaleta mbao 40 za mninga, futi 10 kila moja, zirandwe pande mbili. Kila upande unapitishwa mara mbili, basi ubao mmoja unapita mara nne, na mbao zote zinapita mara 160. Kwa rola zinazovuta mita 6 kwa dakika, ubao wa futi 10 unachukua nusu dakika kupita, na nusu dakika nyingine inakwenda kwa kuurudisha na kuushika upya. Jumla ni dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40. Mashine itakula karibu Sh 10,260, au kama Sh 256 kwa ubao.

Tuseme seremala anatoza Sh 500 kwa ubao, Sh 20,000 kwa mzigo wote. Mashine ikishachukua chake, anabaki na Sh 9,740 za kuwalipa watu wawili kwa karibu saa tatu, kuchangia pango, na kama kuna salio, ndiyo faida. Inakwenda. Lakini mteja anasema mzigo ni mkubwa, apunguziwe, afanyiwe Sh 250. Kwa anayepima kwa macho, Sh 10,000 ya haraka asubuhi ni fedha nzuri. Kwa anayejua gharama ya saa, Sh 10,000 haijafika hata kwenye chakula cha mashine, achilia mbali chakula cha mafundi.

Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Ikiwa jenereta inayoweza kuisukuma mota hiyo inakula lita 2.5 za dizeli kwa saa, na lita ni Sh 2,800, nishati pekee ni Sh 7,000 mahali pa Sh 1,602. Saa ya mashine inaruka hadi Sh 9,245, na hapo jenereta yenyewe haijahesabiwa kuchakaa. Kwa kazi ile ya mbao 40, gharama ya mashine inapita Sh 24,600, kuliko hata bei kamili ya Sh 20,000. Kama mteja hana haraka, kumwambia arudi jioni ni uamuzi wa kifedha. Kama ana haraka, aambiwe bei ya jenereta kabla haijawashwa.

Limebaki swali gumu zaidi, la msimu mbaya. Kazi zikipungua mwaka ukaishia na saa 800, je, gharama ya saa ipandishwe? Ukigawa upya, uchakavu unaruka kutoka Sh 1,375 hadi Sh 2,063, na bima kutoka Sh 220 hadi Sh 330. Ukipandisha bei kufuata namba hizo, wateja wanapungua zaidi, saa zinashuka tena, gawio linapanda tena. Karakana inaweza kujiua kwa hesabu sahihi. Ndiyo maana wahasibu hutumia saa za kawaida, zile ambazo mashine hufanya kwa wastani wa misimu kadhaa, na kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinafuata msimamo huo kwa gharama zisizobadilika za uzalishaji: sehemu ambayo haikubebwa na kazi kwa sababu mashine ilikaa bure inaandikwa kuwa hasara ya kipindi hicho, haipachikwi kwenye bidhaa. Kwa mfano wetu, saa 400 zilizokosekana zinaacha uchakavu na bima za Sh 638,000 bila mtu wa kuzilipa. Mteja wa mbao 40 hakuzisababisha, na hazimhusu. Zinamhusu mwenye karakana, zimwambie kwamba ana mashine kubwa kuliko soko lake la mwaka huu, au kwamba ni wakati wa kutafuta mafundi wa jirani wasio na randa waje kukodi saa.

Na katika msimu huohuo ule mgawanyo wa tabia za gharama unampa namba nyingine ya kumsaidia. Uchakavu na bima vinakwenda tu, awashe asiwashe. Kinachotoka mfukoni kwa sababu amewasha ni umeme, Sh 1,602, na visu vinavyolika, ambavyo kwa kunoa na kununua vipya ni Sh 435,000 kwa mwaka, yaani kama Sh 363 kwa saa. Jumla ni Sh 1,965. Kazi yoyote inayolipa chini ya hapo, pamoja na ujira wa wanaolipwa kwa kazi hiyo, inamtoa fedha mfukoni. Iliyo juu ya hapo, hata kama haifiki Sh 3,847, inamwachia kitu cha kupunguza hasara ambayo ingekuwepo vilevile. Yule mteja wa Sh 250 kwa ubao, aliyestahili kukataliwa mwezi ambao foleni ya mbao inafika barabarani, katika mwezi mkavu angeacha Sh 10,000 wakati umeme na visu vimechukua kama Sh 5,240. Akubaliwe basi, mradi ajue kwamba bei hiyo ni ya mwezi huo, na iandikwe hivyo kwenye risiti.

Ugumu ni kwamba bei ya mwezi mkavu huzoeleka haraka. Wateja huambiana, na jirani naye anashusha. Kwa hiyo wanaoitumia vizuri huitoa kwa kazi ambazo wateja wa kawaida hawazioni wala hawazilinganishi: mzigo wa jumla kutoka kwa muuza mbao, kwa mfano, anayekubali zirandwe siku yoyote ambayo mashine iko wazi. Mteja wa kabati moja anaendelea na bei yake ya siku zote. Daftari kwenye mguu wa mashine nalo linaendelea kuandikwa, kwa sababu mwisho wa mwaka saa 1,200 inabidi zihesabiwe upya, na zikiwa zimekuwa 1,050 au 1,400, namba zote tatu zilizogawanywa nazo zinabadilika siku hiyohiyo.